Nani Aliunyamazisha Mto? Kulisoma Shairi la Ukame kwa Jicho la Ikolojia

(Hotuba iliyotolewa mjini Moshi, katika jioni ya ushairi iliyowakutanisha walimu wa Kiswahili, wanafunzi na watunzi)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, watunzi, na ninyi wanafunzi mliokaa huko nyuma karibu na mlango, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kulisoma shairi kwa jicho la ikolojia. Ningeweza kutumia muda wote kuwaeleza nadharia hiyo ilizaliwa wapi na wahakiki wake wamegawanyika vipi, lakini naona tukifanya hivyo tutaondoka hapa tukiwa na majina tu. Afadhali tuchukue shairi moja, tukae nalo, tulifanyie kazi. Mtunzi wake ni mwalimu mstaafu wa kule Kibosho. Yumo ukumbini, na ameniruhusu nilisome kwa sharti nisimtaje jina. Ni tarbia ya beti tano, mizani nane kwa nane. Tafadhali lisikilizeni lote kwanza, kisha tutarudi juu.

Ndoo kichwani natweka, njia yetu ile ile,
Ukingoni nikafika, nikaita kwa kelele,
Mawe yameanikika, kama mifupa ya kale,
Mto uliotulea, umenyamaza bondeni.

Mlimani natazama, kilele ki uchi wazi,
Barafu imeshahama, imebaki simulizi,
Jua limeisukuma, ikatiririka chozi,
Mto uliotulea, umenyamaza bondeni.

Miti mingi imekatwa, mkulo na msesewe,
Magogo yakakokotwa, usiku bila wenyewe,
Chemchemi zikafutwa, pamebakia na mawe,
Mto uliotulea, umenyamaza bondeni.

Babu kachimba mfongo, maji yafike kihamba,
Masale yakawa lango, amani ya kila nyumba,
Nikaulima ukingo, mahindi mpaka mwamba,
Mto uliotulea, umenyamaza bondeni.

Mola tunakulilia, masika yarudi tena,
Wingu likitufikia, usiku hata mchana,
Msitu ukisikia, nao utajibizana,
Mto uliotulea, umenyamaza bondeni.

Tulivyozoea kufundisha darasani, hapa tungeuliza dhamira, tungetaja ukame na uharibifu wa mazingira, tungetafuta tashihisi na tashibiha, tungehesabu mizani, tukamaliza. Mwanafunzi angeandika kwamba "mtunzi anatuasa tutunze mazingira" na angepata alama zake. Jibu hilo linafaa kwa shairi lolote lenye mti ndani yake, na kwa sababu hiyo halituambii chochote kuhusu shairi hili.

Jicho la ikolojia huuliza jambo jingine: ndani ya shairi hili, nani anamfanya nani nini? Maji yanatoka wapi na kwenda wapi? Binadamu amewekwa wapi katika mzunguko huo, na nani ameachwa nje? Mhakiki wa Kimarekani Lawrence Buell, katika kazi yake ya mwaka 1995, alitoa vipimo kadhaa vya kazi ya fasihi inayoyachukulia mazingira kwa uzito. Viwili vinatufaa leo. Kimoja ni kwamba mazingira yasiwe pazia la nyuma tu la maisha ya watu, yawe na sehemu katika kisa chenyewe. Cha pili ni kwamba wajibu wa binadamu kwa mazingira uwe umo ndani ya kazi hiyo. Vipimo hivi nimevitaja ili mjue nasimama wapi. Zana yetu kubwa jioni hii, hata hivyo, itakuwa ile tuliyonayo tayari katika sarufi yetu, yaani kauli za vitenzi.

Kila mwalimu wa Kiswahili hapa ameshafundisha kauli hizo: tenda, tendwa, tendeka, tendana. Kata, katwa, katika, katana. Kwa kawaida tunazifundisha kama zoezi la mnyambuliko na tunaishia hapo. Katika shairi la mazingira, kauli ndiyo inayoamua nani anabeba jambo lililotokea. Ukisema "nimekata mti", upo. Ukisema "mti umekatwa", yupo mtu lakini amejificha. Ukisema "mti umekatika", hakuna mtu kabisa, mti umejimaliza wenyewe. Sasa shikeni kalamu, pigieni mstari kila kitenzi cha shairi hili, halafu twende pamoja.

Ubeti wa kwanza ni mwepesi. Nafsineni, yule anayesema ndani ya shairi, anatweka ndoo, anafika, anaita. Ni mtu mwenye haja ya maji, na njia anaijua. Kitenzi kinachonivutia ni "yameanikika". Mawe ya mtoni hayakuanikwa na mtu, yameanikika tu. Hapo hapo, bila kelele, shairi limeanza kusimulia ukame kama jambo lililotokea lenyewe. Kibwagizo nacho kinatuambia mto "umenyamaza". Angalieni kwamba mtunzi hakusema mto umekauka. Kukauka ni kutendeka. Kunyamaza ni kitendo, na hunyamaza yule awezaye kusema. Kwa hiyo tangu ubeti wa kwanza kuna mvutano: mawe yamepatwa na jambo, ilhali mto umefanya jambo. Mvutano huo ushikeni, maana shairi zima limesimama juu yake.

Ubeti wa pili ndio unaopendwa na wengi. Nimeshausikia ukighaniwa na wanafunzi, na ukumbi hutulia. Nafsineni anainua macho, anaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, bila barafu, na anatoa hukumu: jua limeisukuma barafu, ikatiririka chozi. Kisha kinafuata kibwagizo, mto umenyamaza. Msikilizaji anaunganisha mwenyewe kwamba barafu imekwisha na ndiyo maana mto umekwisha.

Hapa lazima tuulizane na mlima wenyewe. Kwamba barafu inatoweka ni kweli tupu. Mwaka 1912 ilifunika zaidi ya kilometa za mraba 11, na kufikia 2011 ilikuwa imebaki chini ya kilometa za mraba 2. Lakini je, hiyo ndiyo iliyokuwa ikiijaza mito yetu? Kule kileleni kuna ukavu mkubwa. Mvua na theluji ya mwaka mzima haifiki milimita 200, na sehemu kubwa ya barafu inayopotea haiyeyuki ikatiririka, inageuka mvuke moja kwa moja na kupeperuka katika hewa kavu. Mvua kubwa ya mlima huu inanyesha chini sana ya hapo, ndani ya msitu, kwenye mwinuko wa kama mita 2,200 katika mteremko huu wa kusini. Pale kwa mwaka huanguka zaidi ya milimita 2,000, wakati hapa mjini Moshi hatufikii hata milimita 1,000. Mto Karanga, Weruweru, Kikafu, Rau, yote ni mito ya msituni. Inazaliwa na mvua na ukungu ulionaswa na miti, ukazama polepole katika udongo wenye majani yaliyooza na kutokea chini kama chemchemi. Barafu huchangia maji kidogo mno.

Basi mtunzi amekosea? Naomba hapa tusiwe na haraka, kwa sababu hapa ndipo wasomaji wengi wa jicho hili wanapoharibu kazi. Wanaligeuza shairi kuwa ripoti ya idara ya maji, wanalisahihisha kwa kalamu nyekundu, wanaondoka wakiwa wameshinda. Shairi halidaiwi takwimu. Swali lenye faida ni hili: masimulizi haya ya barafu yanamfanyia nini anayesimulia? Nami najibu kwamba yanampumzisha. Kama mto umenyamaza kwa sababu jua limeisukuma barafu, basi chanzo kiko mbali, juu, kwenye jua na kwenye mbingu, na nafsineni anabaki na ndoo yake akiwa mhanga tu. Ubeti huu una uzuri, una huzuni ya kweli, na unamwondolea mtu kila wajibu. Hata "chozi" linaliliwa na barafu kwa niaba yetu.

Nilimuuliza mtunzi kwa nini aliiweka barafu mbele ya msitu. Jibu lake lilikuwa la mtu anayeishi pale. Alisema, "Mwanangu, sisi barafu tunaiona. Asubuhi ukitoka nje, ile pale. Msitu huuoni, umejifunika mawingu." Nimelipenda jibu hilo, kwa sababu linaeleza makosa yetu wengi. Tunakililia kinachoonekana, na kinachotunywesha kimejificha ndani ya wingu.

Kutoka kwenye jua la ubeti wa pili tunaingia ubeti wa tatu, na vitenzi vinabadilika ghafla. Imekatwa. Yakakokotwa. Zikafutwa. Vipande vitatu vya mwanzo vya mistari mitatu, vyote kauli ya kutendwa, na vina vya kati vya ubeti mzima vimejengwa juu ya kauli hiyo hiyo. Sasa pana mikono. Jua halikati mti. Lakini mikono hiyo haina wenyewe, na mtunzi anaisema wazi: "usiku bila wenyewe".

Kipande hicho ndicho kizito kuliko vyote katika shairi, kwa maoni yangu, kwa kuwa kinasomeka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kwamba magogo yalikokotwa na watu wasiojulikana, waliokuja gizani. Njia ya pili ni kwamba magogo yalikokotwa wakati wenye msitu hawapo. Sasa wenye msitu ni nani? Jibu la swali hilo hapa kwetu limebadilika mara nyingi. Mwaka 1904 utawala wa Wajerumani uliutenga msitu huu kuwa hifadhi. Mwaka 1941, chini ya Waingereza, ukanda wa nusu maili kwenye ukingo wa chini wa msitu ulitengwa kwa ajili ya wenyeji, wapate kuni na majani ya mifugo, na wazee hapa wanauita mpaka leo kwa jina hilo hilo la nusu maili. Mwaka 1973 ikaja hifadhi ya taifa, iliyoanzia juu, na mwaka 2005 mpaka wake ukashushwa ukaumeza msitu wote. Mama aliyekuwa akipanda kukata majani ya ng'ombe wake kwa haki, siku nyingine akajikuta anapanda kwa kunyemelea.

Nayasema haya kwa sababu jicho la ikolojia lina hatari moja ninayoiogopa. Likikosa historia, humkamata wa karibu. Linaona mti umekatwa, linamwona mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani, linamaliza kesi. Lakini shairi limetaja magogo, na limetaja mkulo. Mkulo ni mti mkubwa wa mbao za thamani, haukatwi kwa panga la kuni. Mwaka 2001 msitu wa Kilimanjaro ulikaguliwa kwa ndege kutoka angani, na ikahesabiwa mikulo zaidi ya 2,000 iliyokuwa imekatwa karibuni. Idadi kama hiyo inahitaji misumeno, watu wa kubeba, gari barabarani na mnunuzi mjini. Kwa hiyo kitenzi "yakakokotwa" kina mlolongo mrefu wa watenda ndani yake, na wengi wao hawakuwahi kukanyaga msituni. Msesewe ni kisa kingine. Huota kandokando ya maji, na magome yake ndiyo yanayoipa mbege, pombe yetu ya ndizi, uchungu wake. Mtunzi kuitaja miti hiyo miwili pamoja si kwa ajili ya kina tu. Mmoja unauzwa mbali, mwingine unaishia katika chombo cha nyumbani. Ukataji wa aina mbili umewekwa katika mstari mmoja, na msomaji makini hapaswi kuuchanganya.

Ubeti wa nne ndio moyo wa shairi, na ndio ambao wasomaji huupita wakidhani ni wa kumbukumbu tamu tu. Babu, mfongo, kihamba, masale. Tunatabasamu, tunasema enzi za mababu watu waliishi vizuri na asili, halafu mjukuu akaja akaharibu. Someni vitenzi. "Babu kachimba." Hiyo ni kauli ya kutenda. Babu hakuuacha mto utiririke ulivyopenda. Aliuchepusha. Mfongo ni mfereji unaochukua maji ya mto juu kabisa bondeni na kuyapitisha kwenye ubavu wa mlima hadi migombani, kwa mteremko mdogo uliopimwa kwa macho na uzoefu. Kihamba nacho ni msitu uliotengenezwa na mtu: juu mringaringa na miti mingine ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na maharage. Babu aliondoa msitu wa asili akaweka wa kwake. Anayetaka kumfanya babu kuwa mtu aliyeishi bila kuigusa asili atafute shairi jingine.

Basi tofauti ya babu na mjukuu iko wapi, ikiwa wote wawili wameuingilia mto? Shairi linatujibu kwa neno moja dogo, "masale". Isale ni mmea wa mpaka na ni mmea wa kuombea msamaha. Ukimpelekea Mchagga isale, amefungwa kukusikiliza. Mtunzi anasema masale yalikuwa lango, yalikuwa amani ya kila nyumba. Mfongo nao ulikuwa na zamu zake, siku za kila ukoo kupata maji, siku za wote kutoka kwenda kuuzibua na kuukarabati, na adhabu kwa aliyekwepa. Yaani babu alichukua maji ndani ya makubaliano. Aliyechukua alijua nani yuko chini yake anayesubiri. Kivuli kilibaki juu ya udongo, majani yaliendelea kuanguka na kuoza, mvua haikukutana na ardhi tupu. Alitumia sana, na utumiaji wake ulikuwa na mpaka uliooteshwa.

Sasa mstari wa tatu: "Nikaulima ukingo, mahindi mpaka mwamba". Katika shairi zima, hapa tu ndipo nafsi ya kwanza inaifanyia ardhi jambo. Kwingine nafsineni anabeba, anafika, anaita, anatazama, analia. Hapa analima. Hakuna kutendwa, hakuna kutendeka, hakuna jua, hakuna watu wa usiku. Ni mimi. Na kinachofuata mara moja ni kibwagizo. Kibwagizo ni kile kile kwa herufi, lakini kimebadilika uzito. Baada ya ubeti wa pili kilikuwa taarifa. Baada ya ubeti wa nne kinasikika kama mto umeamua kutosema na mtu huyu.

Nini hutokea ukingo ukilimwa? Twendeni taratibu, kwa maana mtunzi analijua jambo hili kuliko mimi. Ukingo wenye miti na majani hushika udongo, hupunguza kasi ya maji yanayotoka shambani, huyaruhusu kuzama. Ukipanda mahindi hadi kwenye mwamba, masika ya Machi hadi Mei yanakuta udongo uliotifuliwa, yanaubeba mzima mzima, na mto unajaa rangi ya kahawia kwa saa chache kisha unapungua. Maji ambayo yangezama mwezi wa nne na kutokea kwenye chemchemi mwezi wa tisa yameshapita. Ukiona mto wako unafurika kuliko zamani wakati wa masika na unakauka mapema kuliko zamani wakati wa kiangazi, ingawa mvua ya mwaka haijapungua sana, basi tatizo liko kwenye udongo na kingo. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Mstari wa mwalimu wetu unafika mpaka mwamba.

Lakini kwa nini alilima? Shairi halisemi, na sisi tunaojua mahali hapa tunapaswa kusema. Kihamba cha babu kiligawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, mpaka kikawa kipande cha kuzikia na kujenga. Kahawa ilipoanguka bei, kivuli kilichokuwa kikitunzwa kwa ajili ya kahawa kilikosa kazi, na mahindi yanataka jua. Mtu mwenye watoto wa kusomesha akatazama huku na huku, ardhi pekee iliyokuwa haina mwenye kuilima ilikuwa ile ya ukingoni. Kuyajua haya hakumfutii wajibu nafsineni. Kunauweka wajibu wake mahali pake, ndani ya historia ya bei, urithi na mipaka, badala ya kuuacha ukielea kama dhambi ya mtu mmoja mbaya.

Ubeti wa mwisho ni dua, na kuna waliomshauri mtunzi aubadilishe. Walimwambia asimalizie kwa kumlilia Mola, aweke ahadi, tupande miti. Amekataa, nami namuunga mkono kwa nguvu zote. Kwanza, "tupande miti" katika shairi haliulizi miti gani. Tumeona chemchemi zilizozungushiwa mikaratusi kwa nia njema, na mikaratusi hunywa maji kwa kiasi kikubwa. Pili, na hili ni kubwa zaidi, dua hii ilivyo sasa inasema kitu ambacho ahadi ingekifunika.

Tazameni kitenzi cha mwisho kabla ya kibwagizo: "utajibizana". Kauli ya kutendana, hii hapa imefika, mara moja tu katika shairi zima. Kuna pande mbili zinazopeana. Ni zipi? Wingu na msitu. Wingu likifika, msitu utasikia na utajibizana nalo. Hii, wapenzi wa ushairi, ndiyo habari sahihi kuliko zote ambazo shairi hili limetupa kuhusu maji ya Kilimanjaro. Msitu wa juu, wenye miti iliyovaa kuvumwani na kuvu, na ule ukanda wa miti ya jamii ya erika ulio juu zaidi, hukamua maji kutoka kwenye ukungu hata siku isiyo na mvua. Matone hunaswa kwenye majani madogo, hudondoka, huzama. Mtafiti Andreas Hemp, aliyeichunguza mimea ya mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba moto katika ukanda huo umeushusha mpaka wa juu wa msitu, na kwamba ukungu unaopotea kwa njia hiyo ni hasara kubwa ya maji kuliko barafu yote iliyoyeyuka. Oktoba 2020 wote tuliuona moto ule kutoka hapa mjini usiku. Uliunguza takriban kilometa za mraba 95.

Kwa hiyo mtunzi aliyeteleza katika ubeti wa pili, alipoitazama barafu, amepatia katika ubeti wa tano, alipoacha kutazama na kuanza kuomba. Sidhani ni bahati. Ameishi chini ya wingu lile maisha yake yote.

Na sasa tazameni binadamu yuko wapi katika ubeti huo. Anamlilia Mola. Wingu linamfikia. Lakini mazungumzo yenyewe, kule kujibizana, ni ya wingu na msitu. Sisi hatumo. Katika ubeti wa nne babu alikuwamo kwenye makubaliano kupitia masale na zamu za mfongo. Mjukuu akayatoka alipoulima ukingo. Katika ubeti wa tano anasimama pembeni akisikiliza wengine wanavyosemezana, na mto hausemi naye. Ukimwekea ahadi ya kupanda miti hapo mwishoni, unamrudisha ndani kwa maneno, kabla hajafanya lolote. Mtunzi hakumpa njia hiyo rahisi, na huo ni uaminifu.

Nina dai moja tu kwa shairi hili, na nimeshamwambia. Linasema "mto uliotulea", nalo "tu" hilo linaishia wapi? Kijito anachokisema kinaingia Karanga, Karanga inaingia Weruweru, na maji hayo yanafika Kikuletwa na kumwagika katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Huko kuna mvuvi, kuna mfugaji anayeshuka na ng'ombe wakati wa kiangazi, na chini ya bwawa kuna mitambo ya umeme wa Pangani. Kila mstari wa shairi unatazama juu: ukingo, kilele, msitu, wingu, Mola. Hakuna hata mmoja unaotazama chini, kwa yule anayepokea mto baada yetu. Ukame wa Kibosho ukiwa ndoo tupu, kule chini ni ng'ombe waliolala.

Nilimwomba aongeze ubeti wa sita kwa ajili yao. Amekataa tena, na sababu yake ni njema: hajawahi kuishi huko, asingependa kuwasemea. Anasema autunge mtu wa huko mwenyewe. Kwa hiyo kama kuna mtu hapa ametoka Nyumba ya Mungu, au Kahe, au upande wa Simanjiro, nafasi iko wazi, na mwalimu amekubali uungwe kwenye shairi lake. Mizani ni kumi na sita, vina uchague mwenyewe, kibwagizo unacho. Ninachokuomba ni kimoja. Ukifika kwenye vitenzi, tuambie nani alifanya.

Karibuni kwa maswali.